Shilingi Zinavyopotea Ndani ya Programu

Chama cha akiba na mikopo kina wanachama 5,000, na kila mmoja ameweka shilingi 1,000,000. Mtoto wa shule ya msingi atakwambia papo hapo kuwa chama kina shilingi bilioni tano. Sasa hesabu hiyohiyo apewe mwanafunzi anayejifunza kuandika programu kwa lugha ya Java, naye aiandike hivi:

```java
int wanachama = 5000;
int mchango = 1000000;
int jumla = wanachama * mchango;
System.out.println(jumla);
```

Programu itapita bila lalamiko lolote, itaendeshwa, kisha itaandika kwenye skrini `705032704`. Zaidi ya shilingi bilioni nne zimetoweka. Kompyuta haikutoa onyo wala haikusimama, na jibu lililoandikwa linafanana kabisa na pesa halali ambazo chama cha namna hiyo kinaweza kuwa nazo.

Kuna kioja kingine ambacho kila anayeanza kuandika programu hukutana nacho mapema. Fungua Python, uliza `0.1 + 0.2` ni ngapi, nayo itajibu `0.30000000000000004`. Hapa hakuna bilioni zilizopotea, ila kuna kichembe kilichoongezeka ambacho hakuna aliyekiweka.

Makosa haya mawili hufundishwa kana kwamba hayahusiani. Kwa kweli ni ndugu wa baba mmoja. Kompyuta huipa kila namba nafasi yenye kipimo maalumu, na namba isipoenea humo, sehemu yake hukatwa. Namba kamili hukatwa upande wa kushoto, kwenye tarakimu zenye thamani kubwa. Namba za desimali hukatwa upande wa kulia, kwenye tarakimu zenye thamani ndogo. Kwetu sisi tunaohesabu kwa shilingi, mipaka ya nafasi hizo iko karibu kuliko vitabu vingi vya kufundishia vinavyoonyesha, kwa sababu mifano ya vitabu hivyo imeandikwa kwa dola.

Namba kamili inapofurika

Aina ya namba inayoitwa `int` katika Java, na katika kompaila nyingi za C tunazotumia leo, ina biti 32. Biti ni nafasi ya tarakimu moja katika mfumo unaotumia tarakimu mbili tu, 0 na 1. Nafasi 32 za namna hiyo zina michanganyiko 4,294,967,296, haizidi hata mmoja. Takriban nusu yake imewekewa namba hasi, na iliyobaki ni ya sifuri na namba chanya. Kwa hiyo namba kubwa kuliko zote ambayo `int` inaweza kuibeba ni 2,147,483,647.

Ukiongeza moja juu ya hiyo, hutokea kile kinachotokea kwenye mita ya kilomita ya gari kuukuu yenye tarakimu tano. Ikifika 99,999, kilomita inayofuata huirudisha 00000, ingawa gari halikurudi nyuma hata hatua moja. Tofauti ni kwamba `int` hairudi kwenye sifuri. Inarukia mwisho wa upande wa pili, kwenye hasi 2,147,483,648, halafu inapanda tena kuelekea sifuri. Waandishi wa programu huita hali hii kufurika.

Turudi kwenye chama chetu. Jibu sahihi ni 5,000,000,000. Namba hiyo imeuzidi mzunguko mzima wa michanganyiko 4,294,967,296, kwa hiyo kinachobaki ni tofauti yake: 5,000,000,000 kutoa 4,294,967,296, sawasawa na 705,032,704. Kompyuta haikubahatisha. Iliandika kwa usahihi biti 32 za mwisho za jibu, ikaziacha zilizobaki upande wa kushoto.

Kama chama kingekuwa na wanachama 2,500, jibu lingekuwa hasi 1,794,967,296. Hiyo ingekuwa heri, kwa sababu mhasibu yeyote angeshtuka kuona akiba hasi. Hatari kubwa iko pale mzunguko unapokamilika na namba kurudi upande wa chanya, maana hapo hakuna kitu cha kumshtua mtu.

Sasa uone mipaka hii ilivyo karibu nasi. Shilingi za Tanzania 2,147,483,647 hazifiki dola milioni moja. Mwanafunzi wa Marekani anayeandika programu ya mauzo ya duka kwa dola atahitaji biashara ya zaidi ya dola bilioni mbili ndipo `int` imshinde. Mwenzake wa Dar es Salaam au Kampala anafika hapo kwa mauzo ya mwaka ya duka la jumla, mishahara ya shule chache au fungu moja la bajeti ya halmashauri. Programu ileile iliyofanya kazi vizuri kwenye kitabu itatoa uongo ikiingizwa hesabu zetu.

Zoezi la faktoria

Mfano mzuri wa kuona kufurika kwa macho ni zoezi la faktoria, ambalo hupewa karibu kila darasa la wanaoanza. Faktoria ya namba ni zao la namba zote kuanzia 1 hadi namba hiyo. Faktoria ya 4, kwa mfano, ni 1 × 2 × 3 × 4, yaani 24. Mwanafunzi anaandika kitanzi chenye mistari michache, anakijaribu kwa 5 na kwa 10, anapata majibu sahihi, anafurahi na kukusanya kazi yake. Lakini akiendelea mbele kwa kutumia `int`, ataona haya:

```
12   479001600
13   1932053504
14   1278945280
15   2004310016
16   2004189184
17   -288522240
```

Mstari wa 12 ni sahihi. Kuanzia 13 kwenda chini, yote yaliyoandikwa ni makosa. Wanafunzi wengi hugundua tatizo wanapofika 17, kwa sababu ndipo alama ya hasi inapoonekana. Ina maana wameamini majibu manne ya uongo kabla ya hapo.

Hata hivyo mtu makini hahitaji kusubiri alama ya hasi. Mstari wa 14 ni mdogo kuliko wa 13, jambo lisilowezekana kwa namba inayozidishwa kwa 14. Mstari wa 13 wenyewe unajifichua ukiutazama mwishoni. Ndani ya faktoria ya 13 mna 10, na pia mna 2 na 5 ambazo zao lake ni 10 nyingine, kwa hiyo jibu lazima liishie na sifuri mbili. Lililoandikwa linaishia na 4. Jibu la kweli ni 6,227,020,800.

Ukiendesha kitanzi hadi 34, jibu linakuwa sifuri, na litabaki sifuri hata ukienda hadi 1,000. Sababu yake inapendeza. Kila namba shufwa inayoingia kwenye zao huleta mbili moja au zaidi, na kila mbili husukuma tarakimu zote nafasi moja kushoto na kuacha 0 upande wa kulia. Ukifika 34 zimekusanyika mbili 32 kamili. Biti 32 za mwisho zote ni sifuri, na hizo ndizo pekee ambazo `int` inazihifadhi. Namba yote yenye maana imeshasukumwa nje.

Dawa isiyotibu

Akishaelezwa haya, mwanafunzi hukimbilia aina kubwa zaidi, `long`, yenye biti 64 na uwezo wa kufika 9,223,372,036,854,775,807. Ni uamuzi mzuri, ila wengi huandika hivi:

```java
long jumla = wanachama * mchango;
```

Jibu linabaki `705032704`. Java huanza na upande wa kulia wa alama ya usawa. Huko inakuta `int` mbili, inazizidisha kwa nafasi ya biti 32, na kufurika kunatokea palepale. Baadaye ndipo jibu lililokwisha kuharibika linapohamishiwa kwenye nafasi pana. Unatakiwa kupanua kabla ya kuzidisha, siyo baada yake: `(long) wanachama * mchango`.

Mtego wa aina hii haukuwakamata wanaoanza peke yao. Mwaka 2006 Joshua Bloch, mmoja wa waliounda maktaba za Java, aliandika wazi kuwa programu yake ya kutafuta kitu kwenye orodha iliyopangwa ilikuwa na kosa lililokaa ndani ya maktaba hiyo kwa takriban miaka tisa. Kosa lilikuwa kwenye kutafuta nafasi ya katikati, `(low + high) / 2`. Wastani wenyewe unaenea vizuri kwenye `int`, lakini jumla inayokokotolewa kabla ya kugawanya inaweza kufurika pale orodha inapokuwa na vitu zaidi ya bilioni moja. Zamani hakuna aliyekuwa na orodha kubwa kiasi hicho, ndiyo maana kosa halikuonekana. Njia salama ni `low + (high - low) / 2`, ambayo haipitii namba kubwa kuliko zile ulizoanza nazo.

Ikiwa unataka kompyuta ipige kelele badala ya kunyamaza, Java ina `Math.multiplyExact` na `Math.addExact`. Hizi hufanya hesabu ileile, ila jibu likikosa kuenea zinasimamisha programu kwa ujumbe `integer overflow`. Katika C mambo ni magumu zaidi. Kanuni za lugha hiyo zinasema kufurika kwa namba yenye alama hakuna maana iliyowekwa, kwa hiyo kompaila ina ruhusa ya kudhani kwamba hakutatokea kamwe. Mtu akiandika `if (a + b < a)` ili kugundua kufurika baada ya kutokea, kompaila inaweza kuliondoa sharti hilo zima kwa kuliona halina kazi. Inabidi uulize kabla ya kujumlisha: kama `b` ni chanya, `if (a > INT_MAX - b)` inakuambia kwamba nafasi haitatosha. Python yenyewe huongeza nafasi kadiri namba kamili inavyokua, kwa hiyo aliyejifunza kwa Python akihamia Java au C huja na imani ambayo lugha hizo haziwezi kuitimiza.

Moja ya kumi haiandikiki

Tugeukie upande wa kulia wa namba. Katika mfumo wetu wa kumi, tarakimu zilizo baada ya nukta ni sehemu za kumi, za mia, za elfu na kuendelea. Katika mfumo wa kompyuta ni nusu, robo, sehemu ya nane, ya kumi na sita na kuendelea. Nusu na robo zinaandikika bila taabu, ndiyo maana `0.5 + 0.25` hutoa `0.75` kamili. Moja ya kumi haipatikani kwa kujumlisha vipande vya aina hiyo, hata ukivitumia vingi namna gani.

Unaweza kulithibitisha hilo kwa kalamu. Zidisha 0.1 kwa mbili, andika tarakimu iliyo kabla ya nukta, ibakize sehemu iliyo baada ya nukta, kisha rudia. Unapata 0.2, kwa hiyo andika 0. Halafu 0.4, andika 0. Halafu 0.8, andika 0. Halafu 1.6, andika 1 na ubaki na 0.6. Halafu 1.2, andika 1 na ubaki na 0.2. Hapo umerudi mahali ulipopita, na mzunguko hautakwisha: 0.000110011001100110011… Ni hali ileile ya theluthi moja katika mfumo wa kumi, ambayo ni 0.3333 isiyo na mwisho.

Kwa kuwa nafasi ina mwisho, lazima mkia huo ukatwe. Aina inayoitwa `double`, ambayo ndiyo Python na JavaScript hutumia kwa desimali zote, ina biti 64 zilizogawanywa kwa kufuata kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985. Mmoja wa wasanifu wake wakuu alikuwa William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Biti moja ni ya alama ya chanya au hasi, biti 11 ni za kipeo kinachosema nukta ikae wapi, na 52 ni za tarakimu zenyewe. Kwa sababu nukta huhama kulingana na ukubwa wa namba, mpango huu huitwa nukta inayoelea.

Kwa hiyo unapoandika `0.1`, kompyuta huhifadhi namba iliyo karibu nayo kuliko zote inazozijua. Namba hiyo inaanza 0.1000000000000000055. Vivyo hivyo `0.2` inahifadhiwa ikiwa imezidi kidogo, 0.2000000000000000111. Lakini `0.3` inahifadhiwa ikiwa imepungua, 0.2999999999999999889. Ukijumlisha zile mbili za kwanza, unapata namba inayoangukia katikati kabisa kati ya hiyo 0.3 iliyopungua na jirani yake wa juu, 0.3000000000000000444. Kanuni ya IEEE 754 inasema pakiwa na sare ya namna hii, ichaguliwe ile ambayo biti yake ya mwisho ni 0. Safari hii ni ile ya juu. Ndiyo `0.30000000000000004` unayoiona, na ndiyo maana ukiuliza `0.1 + 0.2 == 0.3` unajibiwa `False`.

Kichembe hicho ni kidogo mno kumdhulumu mtu pesa. Madhara yake huja pale programu inapofanya uamuzi kwa kutegemea usawa kamili:

```python
x = 0.0
while x != 1.0:
    x = x + 0.1
```

Mwandishi amekusudia kitanzi kizunguke mara kumi. Baada ya mara kumi `x` ni `0.9999999999999999`, na mara ya kumi na moja ni `1.0999999999999999`. Imelipita lengo bila kuligusa, na kitanzi hakitasimama. Hesabu mizunguko kwa namba kamili, kisha igawanye kwa kumi ndani ya kitanzi. Na ukitaka kujua kama desimali mbili zinalingana, uliza kama tofauti yao ni ndogo kwa kiasi ulichokubali, kwa mfano kwa `math.isclose(a, b)`. Ufahamu tu kwamba `math.isclose` hupima tofauti kwa kulinganisha na ukubwa wa namba zenyewe, kwa hiyo ukilinganisha kitu na sifuri ni lazima uiwekee mwenyewe `abs_tol`.

Pale kidogo kinapojumlishwa na kikubwa

Jambo linalostahili hofu zaidi ni kujumlisha namba ndogo na namba kubwa sana. Kompyuta hubakiza idadi ileile ya tarakimu zenye maana, kwa hiyo kadiri namba inavyokua, ndivyo nafasi kati yake na jirani yake inavyopanuka. Hili huonekana upesi kwa aina ndogo, `float`, yenye biti 32, ambayo wanafunzi wa C hufundishwa mapema na kuendelea kuitumia kwa mazoea. `float` ina tarakimu 24 za 0 na 1, kwa hiyo inaweza kuhesabu moja moja hadi 16,777,216 tu. Ukijumlisha hiyo na 1 unapata 16,777,216 ileile.

Shilingi milioni kumi na sita ni bei ya kiwanja. Huku kwetu si namba ya kufikirika, na mpaka huu wa `float` unavukwa na akaunti ya mtu mmoja.

Tufuate mfano hadi mwisho. Chama kina salio la shilingi 1,000,000,000 lililohifadhiwa kwa `float`. Katika ukubwa huo, namba zinazoandikika zimepishana kwa 64. Sasa programu inaingiza ada ya shilingi 20 kutoka kwa wanachama 1,000, mmoja baada ya mwingine. Kila mara jibu kamili ni 1,000,000,020, lakini namba iliyo karibu zaidi inayoandikika ni 1,000,000,000. Programu inarudi pale ilipoanza, mara elfu nzima. Mwisho wa siku salio ni 1,000,000,000, na shilingi 20,000 hazikuingia kokote.

Programu ikibadilishwa mpangilio, ijumlishe kwanza ada zote kando, inapata 20,000 kamili. Ikiongeza hizo kwenye salio, inapata 1,000,019,968. Bado zimepungua shilingi 32, kwa sababu 1,000,020,000 haigawanyiki kwa 64, ila hasara imeshuka sana. Somo lake ni zito kwa aliyelelewa na hesabu za shuleni: katika nukta inayoelea, jumla hubadilika ukibadilisha mpangilio wa kujumlisha. Anza na namba ndogo, malizia na kubwa. Na ukiona jumla imeganda ilhali vitu vinaendelea kuingia, ujue unaangalia dalili yenyewe ya ugonjwa huu.

Kwa `double` tatizo hili liko mbali zaidi. Kwenye bilioni moja, majirani wake wamepishana kwa chini ya sehemu ya milioni ya shilingi, nayo inahesabu moja moja hadi 9,007,199,254,740,992. Mpaka wake upo, na JavaScript huufikia pale watu wanapohifadhi namba ndefu za utambulisho kama namba za kawaida: tarakimu ya mwisho hubadilika yenyewe.

Dhahran, 1991

Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora la Scud lilipiga kambi ya wanajeshi wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likaua watu 28. Mtambo wa Patriot uliokuwa ukilinda eneo hilo haukurusha kitu. Uchunguzi wa ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ulieleza sababu, nayo ni moja ya kumi ileile.

Saa ya mtambo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde kwa namba kamili. Ili kupata sekunde, programu ilizidisha hesabu hiyo kwa 0.1 iliyohifadhiwa katika biti 24. Nukta hapo haikuwa ya kuelea, ilikuwa imewekwa mahali pamoja, lakini mkia ulikatwa vilevile. Upungufu ulikuwa takriban 0.000000095, kitu ambacho katika jaribio la dakika chache hakionekani. Mtambo huo ulikuwa umewashwa kwa karibu saa 100 mfululizo. Saa 100 ni sehemu za kumi za sekunde 3,600,000, na ukizidisha kwa upungufu ule unapata takriban sekunde 0.34. Kombora lililokuwa likienda zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde husafiri zaidi ya nusu kilomita kwa muda huo. Mtambo ulitazama mahali pasipo na kitu, ukaamua kuwa hakuna shabaha. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran siku iliyofuata.

Jambo la kujifunza hapo ni umuhimu wa muda. Kosa la kukatwa mkia hujikusanya kila hesabu inaporudiwa, kwa hiyo jaribio fupi halitalionyesha. Programu inayojumlisha kwa siku nzima lazima ijaribiwe kwa wingi wa hesabu za siku nzima.

Unavyochagua nafasi ya pesa

Kwa pesa, njia iliyo salama kuliko zote ni kuhesabu kwa namba kamili za kipande kidogo kinachotumika: shilingi kama senti hazihitajiki, senti kama zinahitajika. Shilingi 1,250.50 ihifadhiwe kama senti 125,050 katika `long`, na nukta irudishwe tu wakati wa kuandika kwenye skrini au risiti. Palipo na riba na asilimia, Python ina `Decimal` na Java ina `BigDecimal`, ambazo huhesabu kwa mfumo wa kumi kama sisi. Hizi ziundwe kwa maandishi, `Decimal('0.1')`. Ukiandika `Decimal(0.1)` bila alama za nukuu unaingiza kichembe kilekile ulichokuwa unakikimbia.

Hata hizo haziondoi kila tatizo. Shilingi 100 zikigawanywa kwa watu watatu, hakuna mfumo wa namba utakaotoa mafungu matatu yaliyo sawa kwa shilingi kamili. Lazima kanuni za chama ziseme ile shilingi moja inayobaki inakwenda kwa nani, na programu iandike kanuni hiyo waziwazi badala ya kuuachia mkato wa biti uamue.

Nayo `long` ina mpaka wake. Faktoria ya 20 inaenea humo, ya 21 haienei. Kwa hiyo kabla ya kuchagua aina ya namba, piga kwa mkono hesabu ya hali kubwa kuliko zote inayoweza kutokea: wanachama wengi iwezekanavyo, mara kiwango cha juu cha mchango, mara miaka ambayo programu itaishi. Pima kila hatua ya katikati, siyo jibu la mwisho peke yake. Kisha iingize hali hiyo kwenye programu na uone kama inaandika jibu ulilolipata kwa mkono. Programu iliyojaribiwa kwa wanachama watatu wenye shilingi elfu moja kila mmoja haijajaribiwa kwa kazi iliyoandikiwa.